Andiko la Kuombea Fedha za Kompresa Mpya

Katika viwanda vingi kompresa huwekwa nyuma ya jengo, kwenye kibanda cha mabati, na menejimenti huikumbuka siku inapozima. Haitengenezi bidhaa yoyote. Kazi yake ni kusukuma hewa kwenye mabomba, na hewa hiyo ndiyo inayoendesha silinda za mashine za kufungasha, vali za matangi, na vifaa vya mafundi. Kwa kuwa haina mauzo yake yenyewe, ombi la kununua kompresa mpya hupita kwa taabu kuliko ombi la mashine ya kuongeza uzalishaji, ambayo inaweza kuonyesha katoni za ziada inazoleta. Andiko la kompresa halina katoni za kuonyesha. Linategemea gharama itakayoepukwa, na gharama ya kuepukwa ni rahisi kuitilia shaka kwa sababu haijawahi kuonekana ikiwa imesimama peke yake katika vitabu vya hesabu.

Sura hii inafuata andiko moja la namna hiyo kuanzia vipimo vya awali hadi tathmini ya mwaka wa kwanza. Kiwanda ni cha kubuni: kinatengeneza sabuni, kinafanya kazi saa 120 kwa wiki kwa wiki 50 za mwaka, yaani saa 6,000, na kinategemea kompresa moja ya skrubu yenye mota ya kilowati 75 inayozunguka kwa kasi moja. Bei ya umeme imewekwa shilingi 200 kwa uniti ili hesabu ifuatike bila shida. Tarakimu nyingine zote ni za mfano pia, ila zimepangwa zilingane na tabia halisi ya mashine za aina hii.

Andiko la kwanza ambalo idara ya ufundi huandika kwa kawaida linasema kwamba kompresa iliyopo imechoka, inasumbua mara kwa mara, inakula umeme mwingi, na kwamba kiwanda kinahitaji mashine ya kisasa. Kila neno hapo linaweza kuwa kweli na bado andiko likarudishwa. Meneja wa fedha hana namna ya kupima uchovu wa mashine, na neno "mwingi" halimwambii kitu. Tena anajua kwamba idara zote zina kitu kilichochoka: magari ya usambazaji, boila, paa la ghala. Fungu la fedha ni moja. Anachotafuta ni kujua hali ilivyo sasa kwa tarakimu, itakavyokuwa kama fedha zikitolewa, na itakavyokuwa kama hazikutolewa. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na katika mfano huu ndilo litakaloamua.

Kazi inaanzia kwenye kibanda chenyewe. Karibu kila kompresa ya skrubu ina saa mbili kwenye paneli yake: moja inahesabu muda ambao mota imezunguka, nyingine inahesabu muda ambao mashine imekuwa ikijaza hewa. Tofauti kati ya saa hizo mbili ni muda ambao mota ilizunguka bure. Kompresa ya kasi moja haiwezi kupunguza mwendo mahitaji ya hewa yanaposhuka. Shinikizo likifika kiwango kilichowekwa, mashine hufunga vali ya kuvutia hewa na kuendelea kuzunguka bila kujaza chochote, ikisubiri shinikizo lishuke tena. Fundi anasoma saa zote mbili Jumatatu asubuhi, anazisoma tena wiki inapokwisha, na anapata picha ambayo hakuna muuzaji awezaye kumpa. Katika kiwanda cha mfano, mota ilizunguka saa 120 na kati ya hizo ilijaza hewa saa 72 tu. Zilizobaki 48 zilikuwa za bure. Wiki moja inatosha kama ni wiki ya kawaida. Ikiwa uzalishaji hupanda msimu fulani, vipimo vya wiki moja ya msimu huo viongezwe.

Hatua ya pili ni kupima umeme katika hali hizo mbili. Hapa ndipo kosa kubwa linapoingia, na linaingia kwa nia njema. Fundi anabana waya kwa mita ya ampia, anapata ampia 139 mashine inapojaza na ampia 72 inapozunguka bure, kisha anatumia kanuni ya kawaida ya umeme wa fezi tatu:

```
kW = 1.732 × V × A × cosφ ÷ 1000
```

Mashine inapojaza, cosφ ni kama 0.87, na kwa volti 400 jibu linakuwa takriban kilowati 84. Mpaka hapo hakuna tatizo. Lakini mota isiyo na mzigo hushuka cosφ yake sana, pengine hadi 0.6 au chini zaidi. Akitumia 0.87 ileile, fundi ataandika kwamba mashine inakula kilowati 43 ikizunguka bure, ilhali ukweli ni kilowati 30. Kwa saa 2,400 za bure kwa mwaka, kosa hilo peke yake linabuni zaidi ya uniti 30,000 za "akiba" ambazo hazipo. Andiko litapita, mashine itanunuliwa, na bili haitashuka kama ilivyoahidiwa. Dawa ni kuazima au kukodi mita inayosoma kilowati moja kwa moja kwenye fezi zote tatu na kuiacha ikirekodi wiki nzima.

Kwa vipimo sahihi, mwaka wa kompresa ya zamani unasomeka hivi: saa 3,600 za kujaza kwa kilowati 84, na saa 2,400 za bure kwa kilowati 30. Jumla ni uniti 374,400, sawa na shilingi milioni 74.9 kwa mwaka. Tarakimu hiyo iandikwe mapema kwenye andiko, kwa sababu wengi ndani ya menejimenti hawajawahi kuiona. Bili ya umeme huja moja kwa kiwanda kizima, na hakuna anayejua kwamba kibanda cha mabati kinakula katika mwaka mmoja fedha zinazokaribia bei ya kompresa mpya.

Kabla ya kuzungumzia mashine mpya, kuna swali ambalo meneja wa fedha mwenye uzoefu atauliza, na ni afadhali andiko limtangulie: hewa yote hiyo inakwenda wapi? Kila mfumo wa hewa unavuja kwenye viungo, mipira, kaplingi na vali zilizochakaa, na viwandani uvujaji wa robo hadi theluthi ya hewa yote si jambo la ajabu. Kuupima hakuhitaji kifaa chochote isipokuwa saa ya mkononi. Siku ambayo uzalishaji umesimama, vali za mashine zikiachwa kama zinavyokuwa kazini, kompresa inawashwa na kuachwa. Hakuna anayetumia hewa, lakini shinikizo litashuka na mashine itaanza kujaza tena. Katika kiwanda cha mfano ilijaza dakika 1, ikazunguka bure dakika 4, ikajaza tena dakika 1, na kuendelea hivyo. Maana yake ni kwamba moja ya tano ya uwezo wake inakwenda kulisha matundu. Kompresa hiyo hutoa mita za ujazo 12 kwa dakika, kwa hiyo zinazovuja ni 2.4. Kwa kuwa wastani wa matumizi ya kiwanda ni asilimia 60 ya uwezo, yaani mita za ujazo 7.2, theluthi ya hewa yote inapotea njiani.

Idara nyingi za ufundi huficha jambo hili kwa kuogopa kwamba menejimenti itasema: zibeni matundu kwanza, kompresa baadaye. Hofu hiyo ina msingi, lakini kuficha ni kujitega. Bodi ikija kugundua kwamba mashine mpya ilinunuliwa ili ilishe matundu, ombi linalofuata la idara hiyo halitasikilizwa. Isitoshe, hesabu ya uvujaji ikifanywa sawasawa inaisaidia hoja ya mashine mpya badala ya kuidhoofisha, kwa namna ambayo haionekani mara moja.

Tuseme mafundi wanafanikiwa kupunguza uvujaji kwa nusu, lengo ambalo mfumo wa zamani unaweza kulifikia kwa kubadilisha mipira, kukaza viungo na kufunga matawi ya bomba yasiyotumika. Wastani wa matumizi unashuka kutoka mita za ujazo 7.2 hadi 6.0 kwa dakika. Mtu angetarajia umeme ushuke kwa moja ya sita vilevile. Haushuki hivyo. Kompresa ya kasi moja sasa inajaza asilimia 50 ya muda badala ya 60, na muda uliookolewa kwenye kujaza unahamia kwenye kuzunguka bure. Hesabu mpya ni saa 3,000 kwa kilowati 84 na saa 3,000 kwa kilowati 30, jumla uniti 342,000. Hewa imepungua kwa takriban asilimia 17, umeme umepungua kwa chini ya asilimia 9. Mashine ya zamani inakata sehemu kubwa ya akiba kabla haijafika kwenye bili.

Hapo ndipo sababu halisi ya kubadilisha mashine inapoonekana, na si uzee. Kompresa hii ikiwa inajaza, inatumia kilowati 84 kutoa mita za ujazo 12, yaani kilowati 7 kwa kila mita ya ujazo kwa dakika. Kompresa mpya ya kasi inayobadilika, yenye mota ya kilowati 55 na uwezo wa mita za ujazo 9.5, hutumia karibu kilowati 6.8 kwa kazi ileile. Tofauti hapo ni ndogo mno kuweza kulipia mashine. Faida yote iko katika saa za bure: mashine inayobadilisha kasi hupunguza mzunguko mahitaji yanaposhuka, kwa hiyo kwa wastani wa mita za ujazo 6.0 inatumia kilowati 41, karibu bila muda wa bure. Kwa mwaka ni uniti 246,000. Ikilinganishwa na kompresa ya zamani iliyokwisha kuzibiwa matundu, akiba ni uniti 96,000, au shilingi milioni 19.2.

Kinyume chake kinafaa kusemwa wazi ndani ya andiko. Kama kiwanda kingekuwa kinatumia hewa karibu yote mchana na usiku, kompresa ya kasi inayobadilika isingekuwa na cha kuokoa. Ingeweza hata kula zaidi kidogo, kwa sababu kifaa cha kubadilishia kasi chenyewe hupoteza asilimia chache za umeme. Andiko linaloeleza ni wakati gani pendekezo lake lisingefaa humfanya msomaji aamini kwamba mwandishi amepima, hakunakili kipeperushi cha muuzaji.

Akiba ya milioni 19.2 inahesabiwa baada ya kuziba matundu, si kabla. Mwandishi mwenye haraka angelinganisha mashine mpya na hali ya leo na kujipatia akiba ya milioni 25.7, lakini milioni 6.5 kati ya hizo zinapatikana kwa spana na mipira mipya bila kununua mashine yoyote. Meneja wa fedha akiligundua hilo mwenyewe, ataanza kutilia shaka kila mstari mwingine.

Zaidi ya umeme kuna matengenezo. Kompresa ya zamani inakaribia saa 42,000, umri ambao skrubu na beringi zake huhitaji ukarabati mkubwa, na makadirio ya wakala ni shilingi milioni 35. Baada ya ukarabati huo, sevisi za kawaida za oili, filta na spea zitagharimu kama milioni 12 kwa mwaka. Mashine mpya itahitaji milioni 8, na ya zamani ikibaki kama akiba ya dharura itahitaji milioni 2 ili iwe tayari kuwaka. Akiba halisi ya sevisi ni milioni 2 tu kwa mwaka. Ni kidogo, na iandikwe hivyo hivyo.

Kusimama kwa uzalishaji ndiko huwavutia waandishi kutia chumvi. Daftari la matengenezo linaonyesha kwamba katika miezi 12 kompresa ilisimamisha uzalishaji kwa saa 38. Kishawishi ni kuzidisha saa hizo kwa mauzo ya saa moja, tuseme milioni 4, na kupata hasara ya milioni 152 inayolipia mashine papo hapo. Hesabu hiyo ni batili mara mbili. Kiwanda kikisimama, malighafi hazitumiki na bado ziko ghalani. Kinachopotea ni kile kinachobaki katika mauzo baada ya kutoa malighafi, vifungashio na gharama nyingine zinazopanda na kushuka na uzalishaji, tuseme laki 6 kwa saa. Pia si kila saa iliyosimama ilipotea. Nusu ya uzalishaji huo ulifidiwa mwisho wa wiki, na wateja walipata sabuni yao. Zinabaki saa 19 kwa laki 6, sawa na milioni 11.4. Na kwa kuwa mashine mpya nayo itaharibika siku moja, akiba inayoweza kutetewa ni kama milioni 8. Hata hiyo ni busara kuiweka pembeni: itajwe kama faida ya ziada, lakini hoja isiitegemee. Fedha za umeme zitaonekana kwenye bili. Fedha za saa ambazo hazikusimama hazitaonekana popote.

Wauzaji pia hupenda kuahidi kwamba mashine mpya itapunguza malipo ya kilele cha matumizi, yale yanayotozwa kwa kila kVA, kwa sababu haiwaki kwa kishindo. Kilele hicho hupimwa kwa wastani wa dakika kadhaa, na kishindo cha kuwasha hudumu sekunde chache tu, kwa hiyo hakigusi sana bili. Kushuka kwa mzigo wenyewe kutoka kilowati 84 kunaweza kugusa, ila ikiwa tu kompresa huwa inajaza wakati ambapo kiwanda kizima kiko kileleni. Bila kipimo cha hilo, mstari huo uachwe.

Upande wa gharama, bei iliyo kwenye proforma si bei ya mradi. Kompresa ikifikishwa kiwandani inagharimu milioni 80. Inahitaji msingi wa zege, kebo na breka, bomba la kuunganisha, tanki la hewa, na njia ya kutolea hewa ya moto nje ya kibanda, kwa milioni 15. Hiyo njia ya hewa ya moto ndiyo inayosahaulika mara nyingi katika nchi za joto: kompresa inayovuta hewa iliyokwisha kupashwa na yenyewe hujizima adhuhuri, na lawama humwangukia aliyeinunua. Mafunzo na spea za mwanzo ni milioni 4, dharura milioni 5. Jumla ni shilingi milioni 104 bila VAT, ambayo kiwanda kilichosajiliwa hujirudishia kupitia marejesho yake.

Sasa mizani. Akiba inayoonekana ni milioni 19.2 za umeme na 2 za sevisi, jumla milioni 21.2 kwa mwaka. Ukigawanya milioni 104 kwa 21.2, fedha zinarudi baada ya karibu miaka 5. Kampuni nyingi zinazotaka fedha zirudi ndani ya miaka 3 au 4 zingelitupa andiko hili. Na kama fedha za miaka 10 ijayo zikipunguzwa thamani kwa asilimia 16 kwa mwaka, kiwango ambacho idara ya fedha ya kiwanda hiki inadai kwa mradi wowote, akiba yote ina thamani ya leo ya milioni 102.5. Mradi unapungukiwa na milioni 1.5. Kwa mtazamo huo jibu ni hapana.

Lakini mtazamo huo unalinganisha mashine mpya na kitu ambacho hakipo. Unachukulia kwamba fedha zisipotolewa, kompresa ya zamani itaendelea kufanya kazi miaka 10 bila kudai chochote zaidi ya sevisi, wakati inadai milioni 35 za ukarabati mwaka huuhuu. Chaguo lililo mbele ya bodi ni kutoa milioni 35 na kubaki na mashine ileile, au kutoa milioni 104 na kupata mpya. Swali la haki ni kama milioni 69 za ziada zinajilipa. Zinarudi ndani ya miaka 3 na miezi 3, na kwa kiwango kilekile cha asilimia 16 zinaacha ziada ya milioni 33.5 kwa thamani ya leo. Mashine ni ileile na akiba ni ileile. Kilichobadilika ni kitu ambacho mradi umelinganishwa nacho.

Kwa sababu hoja nzima imeegemea milioni 35 hizo, ndipo meneja wa fedha atakapobana. Je, ukarabati ni wa lazima kweli, au idara ya ufundi imeupachika ili hesabu ikae? Jibu haliwezi kuwa maneno. Andiko liambatishe picha ya saa za paneli, ratiba ya mtengenezaji inayoonyesha umri wa ukarabati, majibu ya uchunguzi wa oili yanayoonyesha chembe za chuma, vipimo vya mtikisiko wa beringi ikiwa vipo, na proforma ya wakala kwa kazi hiyo. Ushahidi ukionyesha kwamba ukarabati unaweza kusubiri miaka 2, basi milioni 35 za miaka 2 ijayo zina thamani ya leo ya kama milioni 26, na ziada ya mradi inashuka hadi karibu milioni 24.5. Bado unajilipa. Uaminifu wa andiko unaongezeka linapofanya hesabu hiyo lenyewe.

Njia nyingine zinatajwa kwa ufupi, lakini zinatajwa. Kompresa mpya ya kasi moja ya kilowati 75 ni rahisi zaidi kununua, ila inarithi tatizo lilelile la saa za bure. Mashine ya mtumba inaweza kupatikana kwa nusu ya bei. Historia yake ya sevisi huwa haijulikani, na saa za paneli yake zinaweza kuwa zimewekwa upya. Kuendesha mashine mpaka ife kunagharimu ukarabati uleule pamoja na siku za kusubiri spea kutoka nje, wakati kiwanda hakina kompresa nyingine. Na mashine ndogo zaidi ya iliyopendekezwa haitoshi. Wastani wa mita za ujazo 6.0 unaficha kilele cha 8.8 ambacho rekodi ya wiki ilikionyesha mashine zote za kufungasha zinapofanya kazi pamoja. Mashine iliyochaguliwa kwa wastani huacha shinikizo lishuke kila kilele kinapofika, na silinda za kufungasha huanza kukwama.

Kisha hesabu inajaribiwa kwa kuichokoza. Akiba yote ikipungua kwa robo, iwe kwa kosa la vipimo au kwa bei ya umeme kushuka, mradi bado unaacha ziada ya karibu milioni 8. Kiwanda kikipunguza zamu na kufanya kazi saa 4,000 kwa mwaka, akiba ya umeme inashuka hadi milioni 12.8 na ziada inabaki milioni 2.5 tu, yaani unaponea chupuchupu. Kwa hiyo hatari kubwa ya mradi huu haiko kwenye mashine. Iko kwenye soko la sabuni. Taarifa hiyo bodi inaweza kuipima vizuri kuliko fundi yeyote, na andiko liwaachie waipime.

Baada ya yote hayo, kinachosomwa na wengi ni ukurasa wa kwanza. Unatakiwa kubeba ombi, sababu ya kuombwa sasa, njia mbadala, matokeo na hatari, kwa lugha isiyohitaji fundi kuifasiri. Kwa mfano huu ungeanza hivi: "Bodi inaombwa kuidhinisha shilingi milioni 104 za kununua na kufunga kompresa ya kasi inayobadilika. Kompresa iliyopo inahitaji ukarabati wa milioni 35 mwaka huu, na hata baada ya kukarabatiwa itazunguka bure nusu ya muda wake. Milioni 69 za ziada zitarudi ndani ya miaka 3 na miezi 3 kwa akiba ya umeme na sevisi peke yake. Mradi hautajilipa ikiwa kiwanda kitashuka chini ya takriban saa 3,800 za kazi kwa mwaka." Vipimo, proforma na hesabu za mwaka kwa mwaka vinafuata kama viambatisho. Kurasa 2 au 3 zinatosha kwa andiko lenyewe.

Kabla halijafika kwa bodi, andiko lipitie mikono ya idara ya fedha na ya uzalishaji. Meneja wa fedha akishakubali bei ya uniti, kiwango cha asilimia 16 na thamani ya saa iliyosimama, tarakimu hizo zinakuwa zake pia, na kikao cha bodi hakigeuki ubishi kuhusu hesabu. Meneja wa uzalishaji athibitishe saa za kazi na siku ambazo kiwanda kinaweza kusimama kwa ajili ya kuunganisha bomba jipya. Kazi hiyo ikipangwa sikukuu za mwisho wa mwaka haipotezi hata katoni moja.

Andiko liahidi pia namna litakavyokaguliwa. Mita ya kilowati inayobaki kwenye waya wa kompresa mpya inagharimu kidogo, na inatoa jibu kila mwezi: uniti zilizotumika, zikigawanywa kwa saa za kazi, zinapaswa kukaribia 41. Baada ya miezi 3 tarakimu hiyo inapelekwa kwa meneja wa fedha, na baada ya mwaka inapelekwa kwa bodi. Ikiwa ni 48 au 50, chanzo cha kwanza cha kutazamwa ni uvujaji uliorudi, na jaribio la siku ya mapumziko litaonyesha ukweli kwa dakika chache, ingawa kwa mashine inayobadilisha kasi kinachosomwa ni mtiririko wa hewa kwenye paneli badala ya dakika za kujaza. Chanzo cha pili ni mtu aliyepandisha shinikizo kutoka baa 7 hadi 8 ili kunyamazisha lalamiko la mashine moja. Kila baa ya ziada huongeza umeme kwa kama asilimia 7. Cha tatu ni uzalishaji kuongezeka, na hapo uniti zaidi kwa saa zitakuwa zimelipiwa na sabuni zaidi, jambo ambalo ripoti itaonyesha ikiwa tani za mwezi zimeandikwa kando ya uniti tangu mwanzo.